Kipimo cha siku ya nne kisimnyime Baba dozi yake

Shikamoo Daktari. Naandika kutoka Moshi. Baba yangu ana miaka 61, anaishi Machame. Mwezi uliopita, Jumapili usiku, alipata mshtuko wa moyo tukamkimbiza hospitali. Usiku uleule alianzishiwa atovastatini miligramu 80, pamoja na sindano na vidonge vya kuzuia damu kuganda. Alhamisi asubuhi wakampima mafuta kwenye damu, LDL, ile kolesteroli mbaya, ikasoma milimoli 2.4 kwa lita na pembeni pameandikwa kawaida. Aliporuhusiwa tulikwenda duka la dawa mjini. Muuzaji akaangalia karatasi akasema kolesteroli ya mzee ni nzuri, hiyo dozi ni kubwa mno, akatupa ya miligramu 10. Leo ni siku ya kumi anameza hiyo. Kaka anasema hata hiyo aiache mpaka apimwe tena, maana mtu asiye na kolesteroli anamezea nini dawa ya kolesteroli? Baba naye analalamika mapaja tangu aanze kushuka shambani. Halafu nimekuta karatasi yake ya mwaka jana ya zahanati, LDL ilikuwa 3.4, na tangu hapo mpaka mshtuko hakubadilisha chakula wala hakumeza dawa. Je, ilishuka yenyewe? Nimsikilize nani?

Binti wa Machame

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Msikilize aliyeandika 80. Kesho chukua karatasi ya kuruhusiwa pamoja na kopo la vidonge alivyopewa, urudi kliniki ya moyo ya hospitali iliyomlaza. Waambie wazi kwamba mgonjwa amekuwa kwenye miligramu 10 badala ya 80, na waeleze habari ya mapaja. Msiache dawa mkisubiri kipimo.

Ile karatasi ya mwaka jana uliyoikuta ndiyo inayofungua fumbo lote, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kutoka 3.4 hadi 2.4 ni kushuka kwa karibu theluthi moja. Baba hakubadilisha chakula mwaka mzima wala hakuwa na dawa. Kilichotokea katikati ni mshtuko wa moyo, na mshtuko wenyewe hushusha LDL. Sehemu ya msuli wa moyo inapokosa damu na kufa, mwili huitikia kama ulivyojeruhiwa vibaya. Chembe za kinga hutoa kemikali zinazosafiri hadi kwenye ini, nalo ini hubadilisha kazi zake kwa siku kadhaa: linatengeneza kwa wingi protini za kupambana na jeraha, na wakati huohuo linazoa LDL kutoka kwenye damu kwa kasi kuliko kawaida. HDL, ile kolesteroli nzuri, nayo hushuka, huku trigliseridi, mafuta mengine ya damu, zikielekea kupanda. Ongeza kwamba mgonjwa amelala chali, ana dripu, hana hamu ya kula. Mtu akilala muda mrefu, maji yaliyokuwa yametuama miguuni hurudi kwenye mishipa na damu inakuwa nyepesi kidogo, basi kila kinachopimwa ndani yake huonekana pungufu.

Mambo haya hayaanzi dakika ileile ya maumivu. Katika saa 24 za kwanza damu bado inasema kweli, au karibu na kweli. Baada ya hapo LDL huanza kuteremka, na mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya nne na ya saba. Kisha hupanda taratibu, na huchukua wiki kadhaa kurudi ilipokuwa. Ndiyo maana tunapenda damu ya kipimo hiki itolewe usiku uleule mgonjwa anapofika, pamoja na ile ya troponini, kipimo kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia. Lakini usiku wa mshtuko kila mtu anahangaika na kifua, na kipimo cha mafuta kinasogezwa hadi wodini siku ya tatu au ya nne. Baba alipimwa Alhamisi, siku ambayo namba huwa imedidimia.

Tena kwa Baba kuna jambo la pili limechanganyika humo. Kufikia Alhamisi alikuwa amemeza atovastatini 80 kwa usiku tatu au nne, na statini, yaani kundi la dawa ambalo atovastatini ni mojawapo, huanza kushusha LDL ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo ile 2.4 ni kazi ya ugonjwa na kazi ya dawa kwa pamoja. Hakuna daktari anayeweza kuitazama akakugawia kipi kilishusha kiasi gani. Kaka akisema Baba hana kolesteroli, anasoma namba iliyoshushwa na dawa anayotaka kuisimamisha.

Na lile neno "kawaida" pembeni ya karatasi limewapoteza wengi. Linachapwa na mashine kwa kufuata mpaka uliowekwa kwa watu wote wanaopita maabara, na wengi wao mishipa yao haijawahi kuziba. Mashine haijui kwamba huyu ametoka kupata mshtuko wa moyo Jumapili. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya, kwa mtu wa namna ya Baba, unataka LDL iwe chini ya 1.4, na pia iwe imepungua kwa nusu au zaidi ukilinganisha na ilivyokuwa kabla ya dawa. Wamarekani wameizoea zaidi 1.8 kama mstari wa kuchukua hatua. Kwa mpaka wowote kati ya hiyo miwili, 2.4 iko juu.

Lakini hata angepimwa usiku wa kwanza akakutwa na 2.4 ya kweli kabisa, bado angepewa statini ya nguvu. Hili ndilo ninalotaka mzungumze na kaka yako kwa utulivu, maana swali lake si la kijinga, na hata sisi hospitalini tulikuwa na mawazo kama yake. Dozi ile haikuandikwa kwa sababu ya namba. Iliandikwa kwa sababu mshipa wa moyo umeziba.

Mshipa unaoziba ghafla huwa na mafuta yaliyojikusanya kama gamba ndani ya ukuta wake kwa miaka mingi, yamefunikwa na ngozi nyembamba upande wa damu. Siku ngozi hiyo inapopasuka, damu hukutana na yale mafuta na kuganda papo hapo. Hiyo ndiyo Jumapili ya Baba. Mtu mwenye gamba moja la namna hiyo kwa kawaida ana mengine, kwenye mshipa huohuo au mwingine, na wiki na miezi ya kwanza baada ya mshtuko ndiyo yenye hatari kubwa ya jingine kupasuka. Statini ya nguvu hupunguza LDL inayoingia kwenye kuta, hutuliza uvimbe uliomo ndani ya yale magamba, na kadiri muda unavyokwenda ile ngozi ya juu huwa imara. Ukingoja wiki sita ili upate namba safi ndipo uanze, umemwacha mgonjwa bila kinga katika kipindi anachoihitaji zaidi.

Jambo hili limepimwa kwa watu. Mwaka 2004 yalichapwa matokeo ya utafiti uliopewa jina PROVE IT. Wagonjwa 4,162 waliolazwa kwa mshtuko wa moyo au tishio lake waligawanywa ndani ya siku kumi za kuugua: kundi moja lilipewa atovastatini 80, lingine pravastatini 40, ambayo ni statini ya nguvu ya wastani. Wakati wanaanza, LDL ya katikati ya kundi zima ilikuwa kama 2.7, yaani si mbali na hiyo ya Baba inayoitwa kawaida. Waliokuwa kwenye dozi ya nguvu walishuka hadi karibu 1.6, wenzao wakabaki karibu 2.5. Katika miaka miwili, kati ya kila watu 100 waliopewa dawa ya wastani, 26 walikufa au walipata mshtuko mwingine, kiharusi, kulazwa tena kwa maumivu ya moyo, au kuhitaji kuzibuliwa mshipa. Kwa waliopewa 80 walikuwa 22. Tofauti ni watu wanne katika kila mia, tena waliopewa 80 hawakuwa wakilinganishwa na mtu asiye na dawa, bali na mtu aliyekuwa kwenye dawa pungufu. Hapo ndipo muuzaji wenu alipomweka Baba.

Nisimwonee huyo muuzaji, kwa sababu miligramu 10 si maji. Dozi hiyo hupunguza LDL kwa zaidi kidogo ya theluthi. Nguvu ya dawa hii haipandi sawa na uzito wa kidonge. Kila ukiongeza dozi mara mbili, unapata nyongeza ya kama asilimia sita tu. Kwa hiyo kutoka 10 hadi 80 ni kurudufu dozi mara tatu, 20, 40, kisha 80, na ndiko kunakokuvusha kutoka theluthi hadi nusu. Kwa Baba, aliyekuwa na 3.4, ya 10 ingemfikisha kama 2.1, ya 80 imfikishe karibu 1.7 au chini kidogo. Statini inaitwa ya nguvu inapofika kwenye kupunguza nusu, na hapo zinaingia atovastatini ya 40 au 80, na rosuvastatini ya 20 au 40. Ukiambiwa dukani kwamba kidonge cha 80 hakipo, jibu lake si kumpa 10. Anaweza kumeza viwili vya 40 au vinne vya 20 kwa mkupuo mmoja, dozi ni ileile. Hesabuni wenyewe kabla ya kuondoka kaunta.

Sasa nije kwenye kipimo cha marudio, kwa sababu hapa ndipo ile 2.4 inaweza kumdhuru Baba mara ya pili, na safari hii mikononi mwa daktari.

Atakapotimiza wiki nne hadi sita akiwa anameza dozi kamili kila siku, atapimwa tena. Kwa kuwa zile siku kumi zilikwenda kwa dozi ndogo, mwombe daktari ahesabu wiki kuanzia siku mtakayorudi kwenye 80. Tuseme majibu yanakuja 1.7. Daktari aliyeshika karatasi ya wodini peke yake atalinganisha 1.7 na 2.4, aone imepungua kwa asilimia 29. Statini ya nguvu inatakiwa kupunguza nusu. Atawaza nini? Atadhani mzee hamezi dawa, amseme bure, au adhani dawa haimfai aibadilishe. Weka sasa ile karatasi ya zahanati mezani. Kutoka 3.4 hadi 1.7 ni nusu kamili. Dawa imefanya kazi yake sawasawa na mzee amemeza kwa uaminifu. Karatasi mbili za mgonjwa mmoja, na hukumu mbili zinazopingana.

Na bado 1.7 haijafika chini ya 1.4. Hapo hatua inayofuata ni kuongeza dawa ya pili, ezetimibi miligramu 10, ambayo huzuia kolesteroli isifyonzwe kutoka utumbini. Ikiongezwa juu ya statini, huondoa tena robo hivi ya kilichobaki. Robo ya 1.7 ikiondoka, unabaki na kama 1.3, na hapo Baba yuko anapotakiwa. Unaona namna karatasi ya zahanati inavyobadilisha uamuzi: badala ya ugomvi juu ya vidonge, inakuwa ni kuongeza kidonge kimoja.

Utauliza, kama namba ya siku ya nne inapotosha hivyo, kwa nini waipime? Kwa sababu inapotosha upande mmoja tu. Ugonjwa hushusha, haupandishi LDL. Mtu akikutwa na 5 siku ya nne, ujue ya kweli iko hapo au juu zaidi, na mtu huyo tunamshuku kuwa na kolesteroli ya kurithi, tunaita ndugu zake na watoto wake wapimwe. Ikisoma juu unaiamini. Ikisoma chini unaiweka kando. Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa uchungu mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilimruhusu mama mmoja bila statini kwa sababu karatasi yake ya siku ya tano ilikuwa nzuri, nikamwandikia arudi apimwe baada ya miezi miwili. Alirudi kabla ya hapo, kwa maumivu yaleyale ya kifua. Siwezi kusema kwa hakika kwamba dawa ingemzuilia, ila najua nilimnyima kinga kwa kuiamini namba ambayo sikupaswa kuiamini.

Kuhusu mapaja. Mtu aliyelala wiki nzima kisha akashuka na kupanda miteremko ya Machame ataumwa mapaja hata asiyekunywa dawa yoyote. Maumivu ya namna hiyo hupoa ukipumzika siku mbili tatu. Maumivu ya statini kwa kawaida hukaa pande zote mbili, kwenye mapaja, nyonga au mabega, na hayategemei kazi uliyofanya jana. Ndiyo maana nataka kliniki wamwone: wakishuku, watampima kimeng'enya cha msuli kiitwacho CK, na wakikikuta cha kawaida au kimepanda kidogo tu, mara nyingi anaendelea. Wanaweza pia kumweka kwenye 40, ambayo bado ni dozi ya nguvu, au kumbadilishia rosuvastatini. Wana njia nyingi kabla ya kufika kwenye kuacha.

Yapo machache ambayo hamtasubiri kliniki. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa nyeusi, misuli ikalegea hadi ashindwe kunyanyuka kwenye kiti, au macho yakawa ya njano, acheni statini siku hiyohiyo mpelekeni hospitali. Ni nadra, lakini figo zinaweza kuumia. Na maumivu ya kifua yakirudi, msiulize habari ya kolesteroli, ondokeni hapo hapo.

Waelezeni pia dawa nyingine zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba. Dawa ya vidudu iitwayo klarithromaisini hupandisha atovastatini kwenye damu hadi kiwango cha hatari kwa misuli, kwa hiyo akiandikiwa hiyo lazima anayeandika ajue yuko kwenye 80. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huipunguza nguvu. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo huipandisha. Kuna wagonjwa wanaostahili dozi ndogo kweli, kama mzee sana aliyedhoofika, na wengine wasiopaswa kupewa kabisa, kama mwenye ugonjwa wa ini uliochachamaa. Hao huamuliwa na daktari aliyewapima, kwa sababu iliyoandikwa kwenye faili.

Baba anaweza kumeza asubuhi au usiku, amekula au hajala, atovastatini haijali. Chagueni saa ambayo hasahau.

Kabla hujaenda kesho, chukua kalamu. Kwenye karatasi ya hospitali, pembeni ya 2.4, andika: siku ya nne baada ya mshtuko, akiwa tayari kwenye statini. Kwenye ile ya zahanati andika: kabla ya dawa yoyote. Zibane pamoja, ya zahanati ikae juu, na zisitoke kwenye faili lake.